Jedwali la marudio kwenye picha ya ukurasa: kutafuta wastani, mediani na modi bila kupotea

Ukipokea picha ya ukurasa wa takwimu kwenye simu, usianze kukokotoa moja kwa moja kutoka kwenye picha. Makosa mengi ya jedwali la marudio hutokea kabla hata ya kugusa kikotoo. Ukurasa hujikunja karibu na mshono wa kitabu, mistari inapinda, na jicho linachukua marudio ya kundi la juu na kuyaweka kwenye kundi la chini. Kivuli cha mkono kinafanya 3 ionekane kama 8, na 1 iliyochapwa hafifu husomwa 7.

Kwa hiyo chukua karatasi, uchore jedwali upya. Nakili safu moja nzima kwanza, kuanzia juu hadi chini, ndipo uende kwenye safu ya pili. Ukinakili huku na huku, kosa la kuruka mstari halitaonekana. Kisha hesabu mistari: idadi ya makundi lazima ilingane na idadi ya namba zilizo kwenye safu ya marudio. Soma pia maandishi yaliyo juu ya jedwali, kwa sababu mara nyingi ndiyo yanayotaja jumla ya vitu vilivyopimwa, na jumla hiyo ndiyo silaha yako kubwa.

Tuseme swali linasema kwamba wanafunzi 40 walifanya mtihani, na wewe umesoma jedwali hivi:

| Alama | Marudio (f) |
|---|---|
| 10–19 | 8 |
| 20–29 | 5 |
| 30–39 | 9 |
| 40–49 | 12 |
| 50–59 | 7 |
| 60–69 | 4 |

Jumlisha marudio: unapata 45, wakati wanafunzi ni 40. Zimezidi 5. Usikimbilie kusema kitabu kimekosea, bali jiulize ni tarakimu gani zinazofanana kwa sura na kutofautiana kwa 5. Ni 8 na 3. Rudi kwenye picha, kuza mstari wa kwanza, na huenda ukaona kwamba ile 8 ina uwazi upande wa kushoto. Ni 3. Tofauti ingekuwa 6, ungeshuku 1 na 7, au 0 na 6. Ila tofauti ni kidokezo tu cha mahali pa kutazama. Usibadilishe namba kwa sababu tu jumla inakubali. Ibadilishe baada ya kuithibitisha kwenye picha. Kama ukurasa una safu ya vijiti vya kuhesabia, vihesabu hivyo, maana vinakupa ushahidi wa pili.

Jumla ikikubali, ongeza safu tatu kwenye jedwali lako: kitovu cha kundi (x), zao la marudio na kitovu (fx), na marudio limbikizi, yaani jumla inayokua kadiri unavyoshuka. Kitovu hupatikana kwa kujumlisha alama ndogo na alama kubwa ya kundi kisha kugawa kwa 2. Kwa 10–19 ni 29 ÷ 2 = 14.5.

| Alama | f | x | fx | Limbikizi |
|---|---|---|---|---|
| 10–19 | 3 | 14.5 | 43.5 | 3 |
| 20–29 | 5 | 24.5 | 122.5 | 8 |
| 30–39 | 9 | 34.5 | 310.5 | 17 |
| 40–49 | 12 | 44.5 | 534 | 29 |
| 50–59 | 7 | 54.5 | 381.5 | 36 |
| 60–69 | 4 | 64.5 | 258 | 40 |

Namba ya mwisho ya limbikizi lazima iwe 40. Isipokuwa hivyo, umekosea kujumlisha, na mediani itaharibika.

Wastani ni jumla ya fx kugawa kwa jumla ya f. Jumla ya fx ni 1650, na 1650 ÷ 40 = 41.25. Hapa wanaoanza hukosea kwa namna mbili. Wa kwanza hugawa kwa idadi ya makundi: 1650 ÷ 6 = 275. Huyu atajigundua upesi, kwa kuwa hakuna mwanafunzi aliyepata zaidi ya 69, na wastani hauwezi kupita alama kubwa kuliko zote. Wa pili ni hatari zaidi: hujumlisha vitovu vyenyewe bila kuzidisha na marudio, akapata 237, akagawa kwa 6, akapata 39.5. Jibu hilo linakaa vizuri ndani ya jedwali, halishtui, lakini si sahihi, kwa sababu limempa mwanafunzi mmoja mmoja wa kundi lenye watu 3 uzito mkubwa kuliko wa kundi lenye watu 12. Ukiona hujaitumia safu ya f popote, ujue njia umeipotea.

Tambua pia kwamba 41.25 ni makadirio. Jedwali halisemi wale 12 wa kundi la 40–49 walipata ngapi hasa. Tumechukulia kwamba kwa jumla wanakaribia 44.5. Hiyo ndiyo sababu kitovu kinatumika.

Mediani ni thamani ya katikati pale alama zote zinapopangwa kutoka ndogo hadi kubwa. Nusu ya 40 ni 20. Sasa shuka kwenye safu ya limbikizi, utafute mahali pa kwanza ambapo namba inafikia 20 au kuipita. Hadi mwisho wa 30–39 tuna watu 17, bado hatujafika. Hadi mwisho wa 40–49 tuna 29, tumeshapita. Mediani imo ndani ya 40–49. Kanuni yake ni hii:

```
Mediani = L + ((N/2 − F) / f) × w
```

N ni jumla ya marudio, L ni mpaka halisi wa chini wa kundi hilo, F ni limbikizi la kundi lililotangulia, f ni marudio ya kundi lenyewe, na w ni upana wake. Usiikariri kama wimbo, fuata inachosema. Tunamtafuta mtu wa 20, na tumeshapita watu 17, hivyo tunahitaji watu 3 zaidi kati ya 12 waliomo kwenye kundi. Watatu kati ya 12 ni robo. Tukichukulia kwamba watu wametawanyika sawasawa ndani ya kundi, tunatembea robo ya upana wake: robo ya 10 ni 2.5. Tunaanzia 39.5, tunafika 42.

Kwa nini 39.5 na si 40? Kati ya 39 na 40 kuna pengo kwenye maandishi, lakini alama zilizokadiriwa hadi namba nzima zinasimamia eneo lote: 40 inawakilisha kuanzia 39.5. Mpaka halisi ni katikati ya mwisho wa kundi moja na mwanzo wa linalofuata. Kwa mantiki hiyo hiyo upana ni 49.5 − 39.5 = 10, wala si 49 − 40 = 9. Anayetumia 9 hupata 41.75, kosa dogo kiasi kwamba halionekani kwa macho.

Kosa lingine ni kuchukua F ya kundi lenyewe, 29, badala ya 17. Hapo 20 − 29 ni hasi 9, na jibu linakuwa 32. Lakini umeshasema mediani imo kati ya 39.5 na 49.5, kwa hiyo 32 inakukatalia hapo hapo. Jibu la mediani likitoka nje ya kundi lake, tafuta kosa kwenye F kabla ya kwingine.

Modi ni alama inayotokea mara nyingi zaidi, nayo hutafutwa kwenye kundi lenye marudio mengi zaidi. Hapa ni 40–49, lenye 12. Angalia: 12 si modi. Ni idadi ya watu, ilhali modi ni alama. Kama swali linataka kundi la modi tu, andika 40–49 uishie hapo. Likitaka thamani, linganisha kundi hilo na majirani zake wawili:

```
Modi = L + (d1 / (d1 + d2)) × w
```

d1 ni 12 − 9 = 3, tofauti na kundi la juu yake kwenye jedwali; d2 ni 12 − 7 = 5, tofauti na linalofuata. Basi 3 ÷ 8 × 10 = 3.75, na 39.5 + 3.75 = 43.25. Jirani wa kabla ana watu 9 na wa baada ana 7, kwa hiyo modi inavutwa upande wa yule mwenye wengi, chini kidogo ya kitovu 44.5. Ukipata 45.75, umebadilisha nafasi za d1 na d2. Kanuni hii inataka makundi yenye upana sawa. Upana ukitofautiana, kundi pana linaweza kuonekana na wengi kwa sababu tu ya upana wake.

Turudi kidogo kwenye ile 8 iliyosomwa vibaya, uone ambavyo ingekudanganya. Ungeiacha, wastani ungekuwa 1722.5 ÷ 45, takriban 38.28, na mediani ingeshuka hadi takriban 39.92. Modi isingetikisika hata kidogo, kwa kuwa mstari wa kwanza hauhusiki nayo. Ndiyo maana modi inayolingana na jibu la kitabu haithibitishi kwamba umenakili jedwali vizuri.

Ukurasa wenye jedwali lisilo na makundi, kwa mfano x ni 1, 2, 3, 4 na marudio ni 5, 9, 4, 2, ni rahisi zaidi, na hauhitaji mipaka wala kanuni. Wastani ni 43 ÷ 20 = 2.15. Watu ni 20, hivyo mediani iko kati ya wa 10 na wa 11. Limbikizi ni 5, kisha 14, kwa hiyo wote wawili wana 2, na mediani ni 2. Modi ni 2 pia. Anayetazama katikati ya safu ya x peke yake ataandika 2.5, kana kwamba kila thamani imetokea mara moja.

Majibu ya nyuma ya kitabu yakitofautiana na yako, kitazame kiasi cha tofauti. Kama wastani wako unalingana, lakini mediani na modi za kitabu zimezidi kwa 0.5, yaani 42.5 na 43.75, mwandishi ameanzia 40 badala ya 39.5. Kama zote tatu zimezidi kwa 0.5, rudi kwenye picha usome kichwa cha jedwali, hasa kama kamera ilikikata: huenda namba zile ni umri wa miaka iliyotimia. Mwenye miaka 19 hubaki na 19 mpaka siku anapotimiza 20, kwa hiyo kundi la 10–19 linaanzia 10 kamili na kuishia 20, kitovu chake ni 15, na L ya 40–49 ni 40.