Uchungu wiki ya 29: dawa ipi itangulie?

"Mama ana wiki 29, mlango umefunguka sentimita 3, chupa haijapasuka. Aliwahi kujifungua njiti. Nianze na nifedipini kuzuia uchungu?"

Dada, anza na deksamethazoni. Nifedipini haimkomazi mtoto, inanunua muda tu. Choma miligramu 6 kwenye msuli kila saa 12, dozi nne, na usisubiri uchungu utulie: hata dozi moja ina faida, ingawa mapafu hunufaika zaidi saa 24 zikipita.

Kisha mpe nifedipini miligramu 20 ameze, halafu 10 hadi 20 kila saa 4 hadi 8, isizidi saa 48. Kabla ya hapo pima joto, gusa tumbo, angalia damu. Homa na tumbo linalouma likiguswa ni dalili za maambukizi ya mfuko wa uzazi. Hapo kumzuia mtoto ni kumfungia ndani ya moto. Kondo likiachia, vilevile usizuie.

Magnesiamu hulinda ubongo wa mtoto, na huwekwa kuzaa kunapokaribia. Changanya mililita 8 za asilimia 50 na mililita 12 za maji ya sindano, upate gramu 4. Ipitishe mshipani polepole kwa dakika 20, kisha gramu 1 kwa saa, mwisho saa 24. Gonga goti kila mara: mguu usiporuka, au pumzi zikishuka chini ya 16 kwa dakika, simamisha na uwe na kalsiamu glukoneti mkononi. Ikiwa pamoja na nifedipini, presha huweza kuporomoka, kwa hiyo ipime mara kwa mara.