Cheti cha mapumziko kwa mwenye sonona kali: kiseme nini, kinyamaze wapi

"Daktari, niandikie tu mgongo." Ombi hili nimelisikia sana kwa wagonjwa wa sonona kali, na ninawaelewa, kwa kuwa wanajua watakavyotazamwa kazini. Lakini siandiki mgongo. Mgonjwa akirudi akihitaji kupunguziwa kazi kwa sababu akili bado inachoka haraka, cheti chake mwenyewe kitampinga.

Cheti kinachosema "ni mgonjwa, apumzike" na kuishia hapo nacho hakimlindi. Mwajiri hajui amtafutie mtu wa kushika nafasi kwa muda gani, wala kama anaweza kutumiwa kazi nyumbani. Ataanza kupiga simu kuuliza, na siri huvujia huko.

Mchukue mhasibu ambaye halali usiku, na anasoma mstari mmoja mara tatu bila kuuelewa. Nimemwanzishia dawa leo. Naandika hivi: "Nimemchunguza leo. Kwa sababu za kiafya hawezi kufanya kazi yake wala kazi nyepesi, ofisini au nyumbani, kuanzia tarehe 3 hadi 30 Machi. Atachunguzwa tena tarehe 27 Machi, na ushauri kuhusu kurejea kazini utatolewa siku hiyo."

Nimetoa wiki 4 kwa makusudi. Dawa za sonona kwa kawaida huchukua wiki kadhaa kabla ya nafuu kuonekana vizuri. Ukimpa wiki moja moja, unamlazimisha kwenda kujieleza kwa ofisa utumishi kila wiki, katika kipindi ambacho hata kuoga kunamshinda.

Sikuandika kwamba umakini wake umepungua. Kwa sasa haimsaidii mwajiri kupanga chochote, na msomaji makini atabashiri ugonjwa. Hilo lina nafasi katika cheti cha pili, mgonjwa akiridhia, kwa sababu linageuka kuwa mpango wa kazi: nusu siku kwa wiki 2, bila kufunga hesabu za mwezi peke yake.

Hata maneno yakiwa safi, karatasi yenyewe inaweza kumtaja. Angalia kichwa cha barua na muhuri kama vimeandikwa "Kliniki ya Afya ya Akili". Ondoa msimbo F32.2, maana ofisa yeyote akiutafuta kwenye simu atapata jina kamili la ugonjwa. Usiambatanishe orodha ya dawa. Kisha mpe mgonjwa asome kabla hujagonga muhuri; yeye ndiye anayemjua bosi wake.

Bima au taratibu za likizo ndefu zikidai jina la ugonjwa, cheti kibaki kilivyo. Andika barua ya pembeni, kwa idhini ya maandishi ya mgonjwa, iliyofungwa na kuelekezwa kwa daktari wa kampuni au wa bima, isipitie kwa msimamizi wake.