Kompyuta ya mizani inayosubiri kibodi iguswe

Swali: Fundi, kwenye kituo chetu cha kupokea majani ya chai huku Tukuyu kuna kompyuta ndogo yenye Debian 10 inayopokea uzito kutoka kwenye mizani. Haina skrini wala kibodi. Umeme ukikatika na kurudi, SSH haikubali kwa dakika mbili hivi. Nikichomeka kibodi na kugongagonga tu, inafunguka. Ni virusi?

Jibu: Si virusi, ndugu yangu. Ikiisha kuwaka, andika hivi ukiwa root:

```
uname -r
dmesg | grep random:
```

Kwenye Debian 10 kerneli ni 4.19. Tafuta mstari unaosema `crng init done` na usome sekunde zilizo mbele yake. Zikiwa karibu na zile ambazo SSH ilikuwa imekwama, umeshampata mhusika: huduma ya SSH inaomba namba nasibu kwa `getrandom()`, na kerneli inakataa kumjibu yeyote mpaka ikusanye biti 128 za entropia, yaani za mambo ambayo mtu wa nje hawezi kuyabahatisha.

Biti hizo zinatoka wapi? Chanzo kikuu ni ishara za kukatiza, zile ambazo kadi ya mtandao au USB hutuma kwa prosesa kudai ishughulikiwe. Kila ishara ikifika, kerneli husoma kihesabu cha mizunguko ya prosesa na kuchanganya namba hiyo kwenye akiba ndogo ya prosesa hiyo. Zikitimia ishara 64, au ikipita sekunde moja, akiba hiyo humiminwa kwenye hifadhi kuu, na kerneli hujiandikia biti moja tu. Ni uchoyo wa makusudi, kwa sababu ishara nyingi hufuatana kwa mpangilio unaotabirika. Sasa kompyuta yako haina kazi: mizani imelala, mtandao umetulia. Biti moja kwa sekunde mara 128 ni zaidi kidogo ya dakika mbili. Kadi ya kumbukumbu nayo haikusaidii sana, kwa kuwa muda wa kusoma na kuandika huhesabiwa kwa diski za kuzunguka, si kwa kadi.

Kibodi inahesabiwa kwa njia nyingine, yenye ukarimu zaidi. Kerneli hupima vipindi kati ya tukio moja na jingine kwa mapigo ya saa yake, ambayo kwenye Debian ni 250 kwa sekunde. Tuseme vipindi vyako vitatu ni mapigo 50, 30 na 38. Tofauti ya 50 na 30 ni -20. Ya 30 na 38 ni 8. Na tofauti ya tofauti hizo mbili ni 28. Kati ya 38, 8 na 28, kerneli huchukua iliyo ndogo kabisa, 8, huigawa kwa mbili ikapata 4, na kwa kuwa 4 huandikwa kwa tarakimu tatu za mfumo wa mbili, inakupa biti 3. Ungegonga kwa mwendo sawasawa kama saa, tofauti ingekuwa sifuri na usingepata kitu. Ukishikilia kitufe kimoja pia hupati kitu, maana marudio yake hayahesabiwi. Lakini kubonyeza na kuachia ni matukio mawili, kwa hiyo kwa biti 3 kila moja, vitufe ishirini na kitu vinatosha.

Dawa yenyewe ni kupandisha kerneli hadi 5.4 au zaidi. Tangu hiyo, iliyotoka 2019, anayeomba namba mapema hafungiwi mlangoni: kerneli huzungusha kitanzi kifupi huku kipima muda kikikikatiza, na kutetereka kwa muda wa prosesa yenyewe ndiko kunakokusanywa. Kwa kawaida huchukua sekunde moja hivi. Sharti ni prosesa iwe na kihesabu cha mizunguko. Baadhi ya bodi za zamani hazina, na huko njia hii haifanyi kazi.

Kabla ya hapo, angalia kama bodi yako ina kifaa kinachozalisha namba kutokana na kelele za umeme ndani ya saketi:

```
cat /sys/class/misc/hw_random/rng_available
```

Likitokea jina, sakinisha `rng-tools`, ambayo husoma `/dev/hwrng` na kuipelekea hifadhi. Ikitoka tupu na kerneli huwezi kuibadilisha, `haveged` ni ya pili kwa ubora.

Utakutana na mtu atakayekuelekeza uendeshe `rngd -r /dev/urandom`. Usikubali. Hapo kerneli inalishwa matapishi yake na kuambiwa ni chakula kipya: hesabu inapanda, SSH inafunguka haraka, lakini hakuna kisichotabirika kilichoongezeka. Mwaka 2012 watafiti waliopima intaneti nzima walikuta vifaa vingi vya aina ya chako, visivyo na kibodi, vimetengeneza funguo vikiwa ndiyo kwanza vinawaka. Baadhi ya funguo za RSA zilishiriki namba tasa moja, na hiyo inatosha kuzivunja zote mbili.

Na kama kadi ya kituo hicho ilinakiliwa kutoka ya kituo kingine, futa funguo za SSH zilizonakiliwa nayo, `/etc/ssh/ssh_host_*`, kisha uendeshe `ssh-keygen -A`, ila fanya hivyo baada ya kuuona ule mstari wa `crng init done`.