Mfano mmoja wa zilii

"Nimesema sato wote wa Ziwa Victoria hulea mayai mdomoni. Jamaa wa Kirumba kaleta mfano wa zilii, aina ya sato asiyefanya hivyo. Mwingine kasema mfano mmoja hauhesabiki. Nimeshindwa?"

Kwa neno "wote", ndiyo. Huyo aliyesema mfano mmoja hauhesabiki angekuwa sawa kama ungesema "wengi".

Kwanza kagua mfano wenyewe: zilii hunatisha mayai chini, kwenye jiwe au kokoto, na wazazi huyalinda. Ukishathibitisha hilo, punguza dai liwe "sato wa asili", yaani ngege na mbiru, maana zilii aliletwa miaka ya 1950. Hiyo ni haki, kwa sababu ugeni wake ulijulikana kabla ya ubishi. Ukisema tu "huyo si sato halisi", umekwepa. Ila dai jipya halimgusi tena sato wa kawaida wa soko la Mwaloni. Naye aliletwa, ingawa hulea mdomoni.