Apdeti imepita, sauti ya laptopu imepotea ao inakwaruza: vile tuliitafuta mpaka ikarudi

Naandika hii juu wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu tatu za jambo moja, na mbili kati yazo watu walikuwa wamesha ambiwa na fundi kwamba bafle za ndani ya laptopu zimekufa, mmoja akaombwa dola 35 ili zibadilishwe. Bafle hazikuwa zimekufa. Ilikuwa draiva, ile programu ndogo inayoongoza chipu ya sauti, tunaisoma "pilote" kwenye Windows ya Kifaransa, imejibadilisha yenyewe usiku.

Nitaelezea mashini moja tu, ile ya kwaya yetu hapa Bukavu, juu njo ilipitia yote. Tunaitumia kupiga miziki ya mazoezi na siku ya ibada tunaiunganisha na projekta kwa kamba ya HDMI. Jumamosi asubuhi, umeme ulikuwa umerudi usiku, mashini ikakutana na intaneti, ikafanya apdeti, ikazimika na kuwaka. Papa mwongozi wa kwaya akanipigia: "Yaya, mashini imekuwa bubu, na saa nane tuko na ndoa."

Kitu cha kwanza nilimuomba asiguse ni ile batoni ya kuondoa draiva. Watu wengi wanakimbilia hapo, na bado hawajajua kama sauti haitoki kabisa ao inatoka lakini inaenda fasi ingine. Hayo ni mambo mawili tofauti. Nikamwambia afinye Windows na R pamoja, halafu aandike hii:

```
mmsys.cpl
```

Inafungua dirisha la "Son", kwenye ukurasa wa "Lecture", na hapo unaona orodha ya fasi zote sauti inaweza kutokea. Sasa acha wimbo ucheze na uangalie ile mistari midogo iliyo pembeni ya kila jina, inapanda na kushuka rangi ya kijani wakati sauti inapita. Mimi naipenda sana hiyo mistari kuliko kitu kingine chochote hapo ndani, juu haidanganyi. Kama inaruka pembeni ya jina ambalo si "Haut-parleurs", basi sauti iko inatoka vizuri lakini inaenda kwingine. Kama inaruka pembeni ya "Haut-parleurs" na bado husikii kitu, kwanza uangalie kama sauti haikushushwa mpaka sifuri na kama hakuna kitu kimechomekwa mu tundu ya ekuteri, halafu njo uanze kuwaza draiva ao bafle zenyewe. Na kama hairuki fasi yoyote, mara nyingi programu yenyewe haitumi sauti.

Kwa papa ilikuwa inaruka pembeni ya HDMI. Projekta haikuwa hata imeunganishwa na umeme, kamba tu ilikuwa imebaki imechomekwa tangu Jumapili. Sababu yake ni hii: draiva mpya ikiingia, Windows inaziona bafle kama kitu kipya kabisa, ni kama mtu amehama nyumba, anwani ya zamani haipo tena, na ile chaguo uliyokuwa umeiweka inapotea nayo. Basi Windows inajichagulia. Ukikliki "Haut-parleurs" halafu "Par défaut", sauti inarudi. Lakini kuna programu zinashika anwani yake zenyewe, zile za mikutano ya video na za kurekodi hasa, hizo lazima uingie ndani ya mapangilio yake na uchague tena bafle, vinginevyo utasikia muziki vizuri na kwenye mkutano husikii mtu.

Sauti ikarudi. Lakini papa akaweka simu karibu na mashini ili nisikie, na kweli, kila sekunde mbili tatu tak, tak-tak, kama mafuta mu sufuria.

Hapo tukaja kwa namba za hertz. Kliki mara mbili juu ya "Haut-parleurs", kisha "Statistiques avancées", na hapo iko "Format par défaut". Ilikuwa imeandikwa 24 bits, 192000 Hz. Mbele ya apdeti ilikuwa 48000, nilikuwa naijua juu ni mimi niliiweka.

Maana ya hiyo namba ni vipande vingapi vya sauti mashini inatengeneza kila sekunde. Windows inachanganya sauti za programu zote pamoja na kuzituma kwa vifurushi, kawaida kifurushi kimoja kila milisekunde 10. Kwa 48000 kifurushi kinabeba vipande 480 kwa kila upande, kushoto na kuume. Kwa 192000 vinakuwa 1920, mara nne, lakini muda ni ule ule milisekunde 10. Kifurushi kikichelewa kidogo tu, bafle inabaki bila kitu cha kupiga, na lile tundu njo unalisikia kama tak. Wala huongezi uzuri wowote, juu wimbo wenyewe ulirekodiwa kwa 44100 kama CD ao 48000 kama video, mashini inajaza tu katikati.

Watu wengine wanasema lazima namba ya Windows ilingane na ya wimbo, ukicheza wimbo wa 44100 na mashini iko kwa 48000 itakwaruza. Sikubali. Windows inageuza toka 44100 kwenda 48000 kila siku kwenye mashini za kila mtu na hakuna anayesikia kitu. Weka 48000 uiache hapo, ni fasi salama kwa karibu laptopu zote. Ukibadilisha kila mara kufuata wimbo, unajichosha bure.

Papa akaweka 24 bits, 48000 Hz, akafinya "Tester". Tak-tak ikapungua sana, toka kila sekunde mbili ikawa labda moja kwa dakika. Lakini haikuisha, na kwa ndoa, ile moja kwa dakika itasikika mu bafle kubwa kanisa lote. Nikamwambia azime pia zile "Améliorations", yale mapambo ya sauti ambayo mtengenezaji anaongeza, juu mara nyingi draiva mpya na mapambo ya zamani havipatani. Haikubadilisha kitu.

Mbele ya kurudi nyuma, kuna jaribio moja nalifanya kila mara na linachukua dakika mbili. Unganisha ekuteri za blututu na ucheze wimbo ule ule. Ekuteri za waya hazitusaidii hapa, juu zinapita kwa chipu ile ile na draiva ile ile na bafle. Blututu inapita njia ingine. Kama kwa blututu pia inakwaruza, shida si draiva ya sauti, ni mashini nzima imechelewa, mara nyingi draiva ya Wi-Fi ao antivirusi inamshika prosesa asipate nafasi, na ukirudisha draiva ya sauti hutapata faida. Kama blututu iko safi na bafle zinakwaruza, basi draiva ya sauti njo mwenye kosa. Kwa papa blututu ilikuwa safi kama maji.

Sasa kurudisha draiva ya zamani. Windows na R tena:

```
devmgmt.msc
```

Fungua "Contrôleurs audio, vidéo et jeu", kliki mara mbili jina la chipu ya sauti, si lile la HDMI, nenda "Pilote". Kwanza andika kwenye karatasi namba ya toleo na tarehe yake, utaihitaji. Kisha iko batoni "Restaurer le pilote". Ikiwa inakubali kufinywa, finya, chagua sababu yoyote, zima na uwashe mashini, umemaliza. Kwa papa batoni ilikuwa kijivu, haifinyiki. Inakuwa hivyo Windows ikiwa haina tena draiva ya zamani mu akiba, na hapa kijana mmoja wa kwaya alikuwa amesafisha diski ili apate nafasi ya video, na ndani ya usafi ule alikuwa ametiki pia mafurushi ya draiva za zamani. Hakufanya kosa, hakuna mahali Windows inakuambia wazi kwamba unatupa njia yako ya kurudi.

Batoni ikiwa kijivu, pitia "Mettre à jour le pilote", na hata kama jina ni la kuapdeti usiogope. Chagua "Rechercher des pilotes sur mon ordinateur", kisha ile ya kuchagua ndani ya orodha. Kwa papa zikatokea mistari miwili: ile draiva mpya, na "Périphérique High Definition Audio", ambayo ni draiva ya jumla inayokuja ndani ya Windows yenyewe. Akachagua hiyo ya pili, Windows ikamuonya, akakubali, akawasha upya. Kukwaruza kuliisha kabisa. Lakini angalia, ukibadilisha draiva bafle zinahama tena anwani, basi tukarudi kwa mmsys.cpl kuhakikisha chaguo na 48000. Sahau hiyo na utasema draiva ya jumla nayo ni mbaya.

Draiva ya jumla iko na mipaka. Besi ilipungua, juu ile pangilio maalumu ya bafle za laptopu hiyo haipo ndani yake. Na laptopu za miaka ya karibuni, zile zenye amplifaya ndogo za kidijitali ndani, mara ingine hazitoi sauti kabisa na draiva hii, ao mstari wenyewe hautokei mu orodha. Hapo hakuna dawa ingine ila draiva ya mtengenezaji wa laptopu, ukitafuta kwa modeli kamili iliyoandikwa chini ya mashini, na uchukue toleo lenye tarehe ya nyuma kuliko lile uliloandika kwenye karatasi.

Neno moja juu ya "Désinstaller l'appareil". Ukiifinya bila kutiki kile kisanduku kinachouliza kama ufute na draiva yenyewe, mashini ikiwaka inarudisha draiva ile ile mbaya toka akiba, na nimeona watu wanafanya hivyo mara tano. Ukitiki, hakikisha kwanza uko na ingine ya kuweka.

Ndoa ilipita vizuri. Jumatatu nilienda kwa rafiki mwenye intaneti nzuri, nikachukua draiva ya mtengenezaji ya mbele ya ile iliyoharibu, besi ikarudi. Halafu nikasimamisha apdeti, Windows inakubali mpaka siku 35, na kwa "sysdm.cpl", ukurasa wa "Matériel", "Paramètres d'installation des périphériques", nikaweka "Non" ili isiwe rahisi kwake kuleta draiva bila kuuliza. Draiva nzuri yenyewe iko kwenye fulashi, ndani ya bahasha, papa ameiweka pamoja na vitabu vya nyimbo, na juu ya bahasha nimeandika namba ya toleo na 48000.