Chumvi, Pengo na Mkia wa Punda: Maswali kuhusu Misemo ya Kiajemi

Katika hadithi ya Kiajemi ninayoitafsiri, mtu analaumiwa kwa "namak khordan va namakdan shekastan", yaani kula chumvi na kuvunja chombo chake. Je, nikiandika "alikula chumvi" nitaeleweka?

Utaeleweka vibaya. Kwetu mtu aliyekula chumvi nyingi ni yule aliyeishi miaka mingi, na msomaji ataanza kumhesabia mhusika wako umri badala ya kumlaumu. Kwa Waajemi, chumvi iliyoliwa kwenye kitambaa cha chakula cha mwenyeji humfunga mgeni kwa heshima na uaminifu, na anayevunja chombo cha chumvi ni yule anayemdhuru aliyemlisha. "Fadhila ya punda ni mateke" inatosha pale ambapo jambo ni utovu wa shukrani tu. Ikiwa kisa chenyewe kinategemea kwamba mtu huyo alilishwa katika nyumba ile, methali ya punda itakificha chakula, na ni afadhali uandike waziwazi kwamba alikula kwao kisha akawageuka.

Rafiki yangu Mwirani aliniambia "jaye shoma khali" alipokuwa akinisimulia karamu ambayo sikuhudhuria. Naona maana yake ni "nafasi yako ilikuwa tupu". Je, nitafsiri kwa kutumia neno "pengo"?

Hapana, kwa sababu pengo limezoea misiba. Tunaposema kwamba mtu ameacha pengo, mara nyingi tumetoka kumzika, ilhali msemo huu ni wa furaha: msemaji anakiri kwamba alistarehe bila wewe, na papo hapo anakutuliza usione wivu. Jibu la kawaida ni "dustan be jaye ma", yaani marafiki walikuwapo kwa niaba yetu. Kwa Kiswahili ningeandika "Tulikukumbuka sana" au "Ulikosekana wewe tu", nikaacha habari ya nafasi tupu.

"Khaste nabashid" ni "pole na kazi"?

Karibu sawasawa, na ni bahati ambayo mfasiri haipati mara kwa mara. Maana yake ya neno kwa neno ni "usiwe umechoka", na huambiwa dereva, muuza duka au mtu yeyote aliye kazini, naye anaweza kujibu "salamat bashid", yaani uwe na afya. Tofauti ni kwamba pole yetu hufika hata kwa mgonjwa na mfiwa, na msemo huu haufiki huko. Aidha, wanafunzi wa Iran humwambia mwalimu hivyo kipindi kinapokaribia kwisha, na mwalimu hutambua kwamba anaombwa anyamaze. "Pole na kazi" haina ujanja huo.

Nini maana ya "khare ma az korregi dom nadasht", punda wetu hakuwa na mkia tangu utotoni?

Bila kisa chake, msemo huu hauna maana. Punda alikwama matopeni, na mtu mmoja aliyetaka kusaidia akamvuta mkia hadi ukang'oka. Mwenye punda alidai fidia, na yule msaidizi akakimbia, akisababisha madhara mapya njiani: alimrukia mzee kutoka juu ya ukuta akafa, na akamshtua mwanamke mjamzito mimba ikaharibika. Wote walimpeleka kwa kadhi, ambaye hukumu zake zilikuwa za ajabu. Mtoto wa marehemu aliambiwa apande ukutani amrukie mshtakiwa kama baba yake alivyorukiwa, na mume wa yule mwanamke akaambiwa amkabidhi mkewe kwa mshtakiwa mpaka apate mimba nyingine. Mwenye punda, alipoona jinsi wadai wenzake wanavyopata hasara juu ya hasara, alisema upesi kwamba punda wake alizaliwa bila mkia, akaondoka.

Hutumiwa, basi, na mtu anayefuta dai lake la haki kwa kuwa kulifuatilia kutamgharimu zaidi. "Heri nusu shari kuliko shari kamili" inaeleza hesabu aliyoipiga, lakini haina ule uongo wa makusudi ambao ndio uchekeshaji wenyewe. Ningeutafsiri mkia kama ulivyo na kuongeza sentensi moja ya maelezo.

Je, "zire be Kerman bordan" ina mwenzake?

Ni kupeleka bizari nyembamba Kerman, mji wa Iran unaosifika kwa bizari hiyo. Sijakutana na methali yetu iliyozoeleka ya namna hiyo, ila ukiandika "kupeleka karafuu Pemba" hakuna msomaji wa pwani atakayekuuliza maana. Uitumie katika mazungumzo ya mhusika tu. Katika simulizi inayotokea Iran, karafuu za Pemba zitamshangaza msomaji, kwa hiyo hapo ibakize Kerman na bizari yake.