Maswali na majibu: barua ya kuhuisha mkataba wa fremu

Kifungu cha 14 cha mkataba wangu kinanipa haki ya kuhuisha kwa miaka mitatu nikitoa notisi miezi mitatu kabla. Nataka kumwandikia mwenye jengo kwamba nahuisha, ila apunguze kodi. Iko sawa?

Hapana, hayo mawili usiyachanganye kwenye barua moja. Ukitoa notisi kwa wakati, mwenye jengo hana nafasi ya kukukatalia, mradi umetimiza masharti ya kifungu. Mara nyingi sharti mojawapo ni kutodaiwa kodi. Lakini haki hiyo hutumika vilevile ilivyoandikwa. Ukisema "nahuisha, ila kodi ishuke", unaleta pendekezo jipya. Anaweza kulikataa, kisha siku ya mwisho ikishapita akasema hajawahi kupokea notisi yoyote. Kanuni inayofanana na hiyo ilitolewa na mahakama ya Uingereza mwaka 1840, katika kesi ya Hyde dhidi ya Wrench: mnunuzi wa shamba aliomba bei ishuke, akakataliwa, akarudi kuikubali bei ya kwanza, akaambiwa hakuna tena cha kukubali.

Kwa hiyo barua ya kwanza iwe kavu kabisa:

"Kwa barua hii natumia haki yangu chini ya kifungu cha 14 ya kuhuisha mkataba kwa miaka mitatu, kwa masharti yaliyomo kwenye kifungu hicho."

Tarehe, sahihi, basi. Ombi lako liende kwenye barua ya pili, nayo iseme waziwazi: "Haya ni mapendekezo ya mazungumzo tu, hayabadilishi wala kufuta notisi yangu."

Ila pima kwanza, maana ukishatoa notisi umefungwa, hata akigoma kupunguza. Kama kodi ya sasa huiwezi, anza na barua ya mapendekezo mapema, ukiandika ndani yake kwamba haki yako ya kifungu cha 14 inabaki palepale. Notisi ibaki mkononi mpaka ujue msimamo wake, lakini usiivushe siku ya mwisho hata kama mazungumzo yanaelekea vizuri. Hapo ndipo wapangaji wengi hunaswa: wanaitwa kikao kingine, na kingine, tarehe inapita.

Kodi yangu hupanda asilimia 10 kila mwaka. Niombe ipunguzwe pale inapoanzia, au niombe nyongeza ndiyo ishuke?

Tufanye hesabu. Chukua kodi ya mwaka wa kwanza kuwa 100, mkataba wa miaka mitano. Kwa nyongeza ya asilimia 10, mwaka wa tano unalipa 146, na jumla ya miaka yote ni kama 611. Akikupunguzia asilimia 8 mwanzoni na kuacha nyongeza ilivyo, jumla inakuwa 562. Asipokupunguzia chochote mwanzoni lakini nyongeza ikawa asilimia 5, jumla ni 553, na mwaka wa tano unalipa 122 badala ya 135.

Tofauti ya jumla ni ndogo. Tofauti ya mwaka wa mwisho ndiyo kubwa, na hiyo ndiyo kodi mtakayoanzia kuijadili mkihuisha tena. Tena ombi la nyongeza humwingia mwenye jengo kirahisi zaidi, kwa sababu kodi anayopokea leo haishuki. Kwa mkataba wa mwaka mmoja au miwili hesabu inageuka: hapo pigania kodi ya kuanzia.

Hesabu hiyo ya miaka mitano iweke ndani ya barua, pamoja na kodi za fremu za jirani zenye ukubwa unaolingana na yako. Habari za biashara kudorora zifupishe. Ukizirefusha, ataanza kujiuliza kama utaweza hata kulipa.

Mkataba uliisha. Nilipompigia simu alisema "we endelea tu", na kodi anapokea. Bado nahitaji barua?

Unaihitaji kuliko mwanzo. Kwa kawaida mpangaji wa namna hiyo huhesabiwa wa mwezi hadi mwezi, na anaweza kuondolewa kwa notisi fupi. Kupokea kodi hakumaanishi amekupa miaka mingine. Mwandikie, utaje tarehe ya simu na maneno aliyosema, uombe mkataba mpya wa muda maalumu, na umpe tarehe ya kujibu. Peleka kwenye anwani iliyotajwa kwenye kifungu cha notisi, upate sahihi ya mpokeaji kwenye nakala yako. Ujumbe wa simu uwe wa nyongeza tu, isipokuwa mkataba wenyewe unaukubali.

Niliweka dari na rafu kwa gharama zangu. Nizitaje?

Zitaje, pamoja na risiti, lakini usidai fidia kabla hujasoma kifungu cha marekebisho. Mikataba mingi husema kilichofungwa kwenye jengo ni cha mwenye jengo. Omba kitu kinachotekelezeka: rafu zitambuliwe kwa maandishi kuwa mali yako, na usilazimike kuing'oa dari siku utakapohama.